"Tueleze tatizo la saiti ulilowahi kulitatua": jibu langu lilianzia kwenye asilimia 90.7

Usaili wangu wa kwanza wa uinjinia niliharibu kwa neno moja: "tulihakikisha". Niliulizwa nieleze tatizo halisi la saiti na jinsi lilivyotatuliwa, nikajibu kwamba barabara ilikuwa haijashindiliwa vizuri, kukawa na changamoto ya mvua, tukakaa kama timu na tukahakikisha kazi inakidhi viwango. Mmoja wa wasaili akaniuliza kwa upole, "Sawa kijana, ila wewe ulifanya nini?" Nikabaki natabasamu. Ajira ikaenda kwa mwingine.

Kisa chenyewe kilikuwa kizuri, sema nilikisimulia vibaya. Nakupa hapa jinsi nilivyokipanga upya, maana kama umemaliza shahada ya ujenzi swali hili litakukuta tu. Na kama wewe si mtu wa ujenzi, utaelewa kwa nini barabara ya mtaani kwenu inaweza kubonyea kabla haijamaliza mwaka.

Mpangilio una sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu langu, nilichofanya, na matokeo. Kosa la wengi, mimi nikiwemo, ni kutumia dakika nzima kueleza mradi. Msaili wa Dar es Salaam hahitaji hotuba kuhusu mafuriko ya Temeke au barabara za mitaa ya Kinondoni, anapita humo kila siku. Hali mpe kwa sentensi tatu, muda mwingi uweke kwenye ulichofanya.

Kwangu hali ilikuwa hivi. Barabara ya mtaa pembezoni mwa Temeke, mwezi wa tano, masika bado hayajaisha. Tulikuwa tunajaza kifusi kwa matabaka ya milimita 150, na kila tabaka lilitakiwa kufikia asilimia 95 ya msongamano mkavu wa juu uliopatikana maabara kwa jaribio la Prokta. Kipande cha mita 120 kilipimwa pointi tatu, zote zikafeli, ya chini kabisa ikiwa asilimia 90.7. Jukumu langu, kama injinia mhitimu chini ya injinia aliyesajiliwa, lilikuwa kutafuta chanzo na kupendekeza la kufanya. Kuamua haikuwa kazi yangu, na hilo liseme wazi. Wasaili wanajua mhitimu haamui peke yake, ukijipa ukubwa wanakushtukia palepale.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Foremani alitaka rola ipite mara nne zaidi. Ni wazo la kawaida: haijashindiliwa, basi shindilia. Lakini dereva wa rola aliniita pembeni akaniambia, "Injinia, hapa nikipita panacheza kama godoro." Nilisimama pale nikaona kweli: udongo unabonyea mbele ya gurudumu na kuinuka nyuma yake. Udongo mkavu uliolegea haufanyi hivyo. Huo ni udongo wenye maji mengi.

Nikarudi kwenye karatasi za vipimo. Msongamano wa udongo ukiwa na maji yake ulikuwa gramu 2.10 kwa sentimita moja ya ujazo, na unyevu asilimia 13. Ukigawa 2.10 kwa 1.13 unapata msongamano mkavu wa 1.86. Maabara ilikuwa imetoa msongamano wa juu wa 2.05, unaopatikana unyevu ukiwa asilimia 8.5. Gawa 1.86 kwa 2.05, ndiyo hiyo 90.7.

Halafu nikajiuliza swali ambalo kwenye usaili wa pili ndilo lililoniokoa: kwa unyevu huu, rola ingeweza kufika wapi hata ikipita siku nzima? Chukua kilo moja ya udongo mkavu. Chembe za udongo ule zina uzito wa gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo kilo hiyo inachukua nafasi ya sentimita za ujazo 377. Maji yake, asilimia 13, ni gramu 130, yanachukua 130 nyingine. Jumla 507, na hapo hakuna hata kiputo kimoja cha hewa. Lakini rola haiwezi kutoa hewa yote. Ikibaki asilimia 5 ya hewa, jumla inakuwa 534, na msongamano mkavu unakuwa 1.87, yaani kama asilimia 91 ya ule wa maabara. Tulikuwa tumeshafika pale! Maji yalikuwa yamekalia nafasi ya udongo, na maji hayashindiliki. Kupita mara nne zaidi kungechoma dizeli na kuvuruga tabaka la chini ambalo lilishapita.

Maji yalitoka wapi? Hapa nikakuta kosa langu. Kifusi nilikipima unyevu machimboni Jumanne, kikaonekana safi. Kikamwagwa kando ya barabara, kikanyeshewa usiku wa Jumatano bila kufunikwa, na Alhamisi nikaruhusu kisambazwe bila kukipima tena. Kwenye usaili mimi hulisema hili lenyewe, kwa sentensi moja, bila kulia nalo. Ukilificha, swali la "chanzo kilikuwa nini" litalifukua.

Nilichopendekeza, na injinia wangu akakubali: greda ichimbue tabaka lote kwa meno yake, udongo ugeuzwe juani, mimi nipime unyevu kila baada ya saa mbili. Hatukuwa na muda wa kusubiri tanuri la maabara, tukakaushia sampuli kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, tukipima uzito kabla na baada. Saa tisa alasiri unyevu ulikuwa asilimia 9, rola ikaanza. Kesho yake tulipima pointi sita. Ya chini kabisa ilisoma msongamano wa 2.14 ukiwa na maji. Gawa kwa 1.09 unapata 1.96, sawa na asilimia 95.8. Tulipoteza siku mbili. Kuanzia hapo kila lundo lilifunikwa turubai jioni na kupimwa asubuhi kabla ya kusambazwa.

Simulizi nzima inachukua kama dakika mbili ukiongea kwa utulivu. Namba nazibeba nne tu: 95, 90.7, 13 na 95.8. Hesabu ya kilo moja naiweka akiba, kwa sababu msaili mzuri ataifuata mwenyewe. Tarakimu zenyewe sikuzikumbuka kwa kichwa, nilizitoa kwenye daftari la kila siku nililokuwa najaza kwa ajili ya mafunzo ya SEAP ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama uko kwenye mafunzo hayo na unajaza "kusimamia ushindiliaji" siku tano mfululizo, utakuja kuingia kwenye usaili mikono mitupu.

Maswali ya kufuatilia niliyoulizwa yalikuwa mawili. La kwanza: ulijuaje kwamba tatizo si namba ya maabara yenyewe? Swali la haki kabisa, maana kifusi kikitoka machimbo mengine, 2.05 si kipimo chake tena, na unaweza kufeli udongo mzuri au kupitisha mbovu. Nilijibu kwamba kifusi kilitoka shimo lile lile lililopimwa, na udongo kucheza chini ya rola ulikuwa dalili isiyotegemea maabara.

La pili: je, jua lisingetoka? Nikasema tungekiondoa kifusi chote na kuleta kikavu, kwa gharama ya mkandarasi, na kwamba kukausha kwa jua hakufai kabisa pale maji yanapopanda kutoka chini, maana utakausha leo na kesho unyevu umerudi. Msaili akaandika kitu kwenye karatasi yake, akauliza naweza kuanza lini.