Mgombea wa Sacco Aseme Alifanya Nini

Kati ya Februari na Aprili, vikundi vya WhatsApp vya wanachama wa Sacco nchini Kenya hujaa picha za watu waliovaa suti. Vyama vingi hufunga hesabu Desemba 31, mkutano mkuu wa mwaka unafuata, na kwa kawaida theluthi moja ya wanabodi huwa zamu yao ya kustaafu imefika. Viti vinaombwa. Chini ya kila picha pana wasifu wa mgombea, na ukisoma mmoja umesoma karibu yote: ni mwadilifu, mchapakazi, mcha Mungu, mwenye maono, baba wa watoto watatu. Hakuna sifa hata moja hapo ambayo mwanachama anaweza kuikagua. Mtu aliyetafuna pesa za chama angeandika hayo hayo, pengine kwa ufasaha zaidi.

Sheria yenyewe haiulizi habari za maono. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, inawazuia kuingia kwenye kamati ya chama watu wa namna kadhaa: asiyejua kusoma na kuandika, aliyepatikana na hatia ya kosa la udanganyifu, aliyetajwa vibaya katika ripoti ya uchunguzi, na hata mtu anayekopesha watu pesa zake mwenyewe kwa riba. Huyo wa mwisho wengi humsahau. Shailoki hawezi kuketi mezani ambapo mikopo ya chama inaamuliwa, kwa sababu kila ombi linalokataliwa pale ni mteja anayemjia nyumbani jioni. Zaidi ya hapo, katika Sacco zinazosimamiwa na SASRA, aliyechaguliwa hujaza fomu ya kupimwa kama anafaa kushika wadhifa huo. Basi mgombea mwenye busara huanza kwa kujibu maswali haya kabla hajaulizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni: mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kiti cha bodi, ambaye alikaa miaka mitatu kwenye kamati ya usimamizi, ile kamati ndogo inayoichunguza bodi kwa niaba ya wanachama. Rasimu yake ya kwanza inasema: “Nina tajriba pana katika usimamizi wa fedha na nimepigania haki za wanachama.” Ukimkalisha umuulize alipigania nini hasa, anasimulia jambo lenye uzito. Mwaka wake wa pili, kamati ilichagua mafaili ya mikopo bila mpangilio na kuyapitia moja moja. Katika faili moja fomu ilikuwa imejaa sahihi za wadhamini, lakini walipolinganisha na rejista ya wanachama wakakuta mdhamini mmoja alikuwa amejitoa na kuchukua akiba yake kabla mkopo haujapitishwa. Yaani alidhamini kwa akiba ambayo haikuwepo tena. Wakarudi kwenye mafaili mengine, wakapata mawili ya aina hiyo. Waliiandikia bodi, na tangu hapo hakuna mkopo unaopita kabla karani hajachapisha salio la kila mdhamini siku hiyo hiyo na kulibandika kwenye fomu.

Hilo ndilo la kuandikwa kwenye wasifu, kwa sentensi tatu au nne: miaka aliyohudumu, kilichopatikana, barua iliyoandikwa, utaratibu uliobadilika. Mwanachama mwenye shaka anaweza kuomba ripoti ambayo kamati ile iliisoma mbele ya mkutano mkuu. Jina la mkopaji na la mdhamini havihitajiki. Anayeyataja ili aonekane jasiri ameshaonyesha atakavyotunza siri za watu akiingia bodini. Na kwa kuwa kazi ilikuwa ya watu watatu, aandike kuwa walikuwa watatu, kisha aeleze sehemu yake: ni yeye aliyependekeza walinganishe fomu na rejista.

Penye tarakimu ndipo pa kusoma kwa miwani. Sema mgombea mwingine, mwenyekiti wa kamati ya mikopo, anajisifu kwamba chini yake mikopo iliyokwama ilishuka kutoka asilimia 6 hadi asilimia 4. Inapendeza. Lakini asilimia hiyo ni ya nini? Kama chama kilikuwa na mikopo ya shilingi milioni 300 na milioni 18 zimekwama, hiyo ni asilimia 6. Mwaka unaofuata chama kikakopesha zaidi, mikopo yote ikafika milioni 450, na milioni zile 18 zikabaki zimekwama vile vile. Sasa ni asilimia 4, na hakuna hata shilingi moja iliyorudi. Njia nyingine ni kumpa mdaiwa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Siku za kuchelewa zinaanza kuhesabiwa upya na deni linaonekana changa. Mgombea mkweli huandika shilingi: zilikuwa zimekwama milioni 18, zimebaki milioni 11, na kati ya milioni 7 zilizotoka, kiasi fulani kimelipwa na wadaiwa wenyewe, kiasi fulani kimekatwa kwenye akiba za wadhamini. Hiyo ya pili inauma, na wadhamini wenyewe wamo ukumbini. Kuiandika kunahitaji uti wa mgongo.

Gawio nalo hunyakuliwa na kila mtu. Hakuna mwanabodi anayeleta gawio peke yake, na gawio kubwa si dalili ya afya kila mara. Chama kinaweza kuhesabu riba ambayo wakopaji hawajailipa kuwa ni mapato, kikaonyesha faida, kisha kikakopa benki ili kipate taslimu ya kugawa. Ukiona wasifu unaotamba kwa kiwango cha gawio bila kusema pesa zilitoka wapi, uliza. Wanachama wa Sacco wamepata sababu ya kuuliza: mwaka 2025 ripoti ya ukaguzi maalumu kuhusu KUSCCO, muungano ambao Sacco zenyewe ziliuwekea fedha, ilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13.

Elimu, ndoa na kanisa vitoshe mstari mmoja. Nafasi inayobaki ni ya kujifichua, na hapa mwalimu wetu alisitasita. Ana mkopo wa maendeleo kwenye chama hicho hicho. Kaka yake ndiye anayeuzia ofisi karatasi na wino. Alihofia kwamba akisema atakuwa amewapa wapinzani fimbo ya kumchapia. Lakini mkopo si aibu; Sacco ipo ili watu wakope, na mtu anayeshughulikia mikopo bila kuwahi kudaiwa hajui mshahara unavyopungua ukifika. Akaandika kiasi kilichobaki, kwamba hajawahi kuchelewa, na kwamba amemdhamini mwanachama mmoja ambaye naye analipa. Kuhusu kaka yake akaandika kuwa akichaguliwa atatoka chumbani kila zabuni ya vifaa vya ofisi itakapojadiliwa, na kwamba anaomba kumbukumbu za kikao zionyeshe saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Wasifu wake ukaisha hapo, haukufika hata ukurasa mmoja. Aliuambatanisha na nambari yake ya uanachama pamoja na miaka ya mikutano mikuu ambako ripoti za kamati yake zilisomwa, ili karani wa chama aweze kuzitoa kabatini kwa yeyote atakayezitaka kabla ya siku ya kura.