Hariri kwa proksi, toa kwa asilia: jinsi mahojiano ya gigabaiti 90 yanavyofika Mombasa

Wasikilizaji wanaotengeneza video zao wenyewe hutuuliza swali moja mara kwa mara: mnawezaje kurekodi Uingereza kwa 4K, halafu dada anayehariri yuko Mombasa na laptopu ya kawaida na bando la simu? Jibu ni proksi. Proksi ni nakala nyepesi ya kila klipu. Unakata na kupanga kwa nakala hizo, na siku ya kutoa video ya mwisho programu inarudi kwenye mafaili asilia. Ukisikia hivyo ni jambo dogo, lakini kuna sehemu mbili tatu ambapo watu huumia.

Tuanze na kwa nini laptopu inagoma. Wengi hudhani tatizo ni ukubwa wa faili tu. Kamera nyingi za siku hizi hurekodi kwa H.265, na hiyo kodeki haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, halafu zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Ukitazama video kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna shida. Lakini mhariri hatazami hivyo. Anaruka huku, anarudi fremu tatu, anasogea tena mbele. Kila akiruka, kompyuta inabidi irudi kwenye fremu kamili ya karibu na kuanza kujumlisha mabadiliko hadi ifike alipo. Zidisha kwa kamera mbili na picha ya 4K, na laptopu inaanza kukwama.

Ndiyo maana kuna proksi za aina mbili. Ukihariri hapo hapo ulipo na diski ina nafasi, tumia ProRes 422 Proxy au DNxHR LB. Kila fremu imehifadhiwa peke yake, kwa hiyo kuruka ni rahisi, ingawa faili halitakuwa dogo sana: ProRes 422 Proxy ya 1920x1080 kwa fremu 25 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 17 kwa saa. Ukitaka kutuma mbali, chukua H.264 ndogo. Inaipa kompyuta kazi zaidi kidogo, lakini picha ikiwa ndogo laptopu nyingi zinaiweza.

Hebu tuchukue mfano. Bibi mmoja amehojiwa Birmingham kwa saa moja, kamera mbili, kila moja ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti 45 kwa kila kamera, jumla 90. Kwa intaneti ya nyumbani inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde, utakaa saa 10 ukisubiri zipande, na huko Mombasa mtu bado hajaanza kuzishusha. Sasa tengeneza proksi za H.264 zenye wastani wa megabiti 6 kwa sekunde. Jumla ni gigabaiti 5.4, na zinapanda kwa dakika 36.

Kwenye DaVinci Resolve, hatua ni hizi. Anayeshika mafaili asilia anafungua projekti, anaingiza klipu zote, anachagua robo ya ukubwa na H.264 kwenye mipangilio ya projekti, kisha anabonyeza klipu kwa kitufe cha kulia na kuchagua `Generate Proxy Media`. Zikishakuwa tayari anatuma vitu viwili: folda ya proksi, na faili la projekti lenye mwisho wa `.drp`. Mhariri analifungua, anaziunganisha kwa `Link Proxy Media`, na kwenye menyu ya `Playback`, chini ya `Proxy Handling`, anachagua `Prefer Proxies`. Anakata kama kawaida. Akimaliza hatumi video yoyote. Anatuma `.drp` peke yake, faili dogo ambalo hata WhatsApp inalibeba.

Inawezekanaje? Kwa sababu kuhariri, ukiangalia kwa ndani, ni orodha tu: kamera A, klipu ya pili, toka dakika 12 na sekunde 4 hadi dakika 12 na sekunde 19, halafu kamera B, na kadhalika. Picha yenyewe haimo kwenye projekti. Orodha hiyo ikifunguliwa Birmingham, programu inatafuta klipu zile zile na kuchukua vipande vile vile kutoka faili zito. Basi proksi inaweza kutofautiana na asilia kwa ukubwa wa picha na ubora. Lakini jina, muda wa kuanzia, idadi ya fremu kwa sekunde na njia za sauti lazima zilingane. Premiere Pro, kwa mfano, itakataa kabisa kuunganisha proksi yenye njia mbili za sauti na asilia yenye nne.

Programu ikikukataza una bahati. Balaa ni pale inapokubali na kukosea. La kwanza ni majina. Kamera mbili za aina moja zinaweza zote kuanza na `C0001.MP4`. Ukiunganisha upya, kipande cha kamera B kinaweza kuchukua picha ya kamera A. Bibi anaongea, na wewe unamwona anayeuliza ametulia kimya. Badilisha majina kabla ya kutengeneza proksi, sio baadaye: `A_C0001.MP4`, `B_C0001.MP4`.

La pili ni simu. Mara nyingi kuna mjukuu aliyerekodi pembeni kwa simu, na simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Inapanda na kushuka kadiri zinavyorekodi. Proksi ikitengenezwa kwa fremu 25 kamili, haitalingana na faili la simu lenyewe. Utalijua kosa hili kwa jinsi linavyokua: mwanzo mdomo na sauti viko sawa, dakika ya 40 vimeachana. Fungua faili kwenye MediaInfo. Ukiona `Frame rate mode: Variable`, ligeuze kwanza:

```
ffmpeg -i simu.mov -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a aac -b:a 256k simu_25.mov
```

Kuanzia hapo `simu_25.mov` ndiyo asilia yako, na proksi itoke kwake.

Kuna maamuzi ambayo Mombasa wasiyafanye kwa proksi: rangi, chembechembe za gizani, na kama macho ya bibi yako ndani ya fokasi. Picha ndogo inaficha hayo yote. Yasubiri asilia.

Siku ya kutoa, chagua `Prefer Camera Originals`, na kwenye ukurasa wa `Deliver` hakikisha `Use proxy media` haina alama. Usiridhike na kusoma kwamba faili la mwisho ni 3840x2160. Programu inaweza kuikuza proksi ya robo hadi ukubwa huo na ikakuandikia hivyo hivyo. Toa sekunde 10 tu kwanza na uzitazame kwa ukubwa kamili. Bibi amevaa kanga, na kanga ina jina. Yale maneno yakisomeka, uko kwenye asilia. Yakiwa ukungu mweusi, bado uko kwenye proksi.

Na proksi si akiba. Diski ya asilia ikifa, ulichonacho ni picha ya robo, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Nakili zile gigabaiti 90 kwenye diski mbili kabla hujatuma chochote.