Laptopu ya Kijapani na skrini ya BIOS: njia ipi haikuli pesa?

Laptopu zilizotumika kutoka Japani zina wateja wake, na wana sababu. Fujitsu Lifebook au Panasonic Let's note iliyokaa ofisini kwa miaka kadhaa mara nyingi bado ni imara na imetunzwa vizuri. Kasheshe huanza pale mnunuzi anapotaka kuifuta Windows ya Kijapani. Anachomeka flashi, anabonyeza F2, na skrini inayofunguka haina neno analoweza kulisoma. Kuanzia hapo kila atakayemuuliza atampa njia yake na bei yake. Njia hizo hazilingani hata kidogo, kwa gharama wala kwa hatari.

Kwanza ujue unachokitaka hasa. Kama kinachokukera ni lugha tu, na Windows iliyomo inafanya kazi vizuri, huenda huhitaji kugusa BIOS kabisa. Windows 10 na 11, Home na Pro, zinakubali kuongezewa lugha bure: fungua mipangilio kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia kwenye sehemu ya saa na lugha, ongeza Kiingereza, kisha toka na uingie upya. Kwenye Windows 10 hata Kiswahili kimo katika orodha hiyo. Lisilokubali kuongezewa lugha ni toleo linaloitwa Single Language, ambalo limefungwa kwenye lugha moja. Ila mimi, kwa mashine iliyopita mikononi mwa watu nisiowajua, ningeifuta yote na kuanza upya. Sijui mwenye duka aliweka nini ndani.

Ukishaamua kufuta, gharama halisi ni mbili tu: flashi na bando. Microsoft inataka flashi ya angalau GB 8, na faili la Windows 11 linazidi GB 5. Ubuntu 24.04 nayo inakaribia GB 6. Leseni kwa kawaida hulipii tena. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wengi huweka namba ya leseni ndani ya chipu ya bodi, na programu ya usakinishaji huisoma yenyewe. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows Pro ya Kijapani hukubali Pro ya Kiingereza bila kudai chochote. Kwa hiyo fundi akikutajia bei ya kuamsha Windows, mwambie kwanza aunganishe mtandao na atazame kama haijajiamsha.

Sasa tuje kwenye skrini yenyewe. Wengi hukimbilia kubadili mpangilio wa kuwaka, yaani kuiambia mashine itazame flashi kwanza na diski baadaye. Kwa kazi ya mara moja hiyo ni njia ndefu, tena kwa lugha usiyoijua ndiyo yenye makosa mengi. Kompyuta karibu zote zina orodha ya pembeni ya kuchagua chombo cha kuwakia kwa safari hiyo moja tu, bila kubadili chochote cha kudumu. Kwenye Fujitsu, Lenovo ThinkPad na Dell inafunguliwa kwa F12, na kwenye HP kwa F9. Uzuri wake mkubwa ni kwamba majina ya vyombo hayatafsiriwi. Kichwa cha orodha kitakuwa cha Kijapani, lakini ndani yake utasoma Windows Boot Manager, ambayo ni diski, na chini yake SanDisk au Kingston, ambayo ni flashi yako.

Tuchukue Lifebook moja tuifuate hatua kwa hatua. Usiizime kwa njia ya kawaida, kwa sababu Windows mara nyingi haizimi kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, na vitufe vya mwanzo vinaweza kukupita. Chomeka flashi, kisha chagua kuwasha upya. Skrini ikiwa nyeusi, anza kugonga F12 mfululizo hadi orodha itokee. Shuka kwa mshale hadi kwenye jina la flashi, na likitokea mara mbili chagua lile lenye neno UEFI mbele yake. Bonyeza Enter. Usakinishaji ukimaliza kunakili mafaili mashine itajiwasha upya, na hapo usiguse kitu. Itaendelea kutoka kwenye diski yenyewe. Hapa ndipo yule aliyebadili mpangilio wa kudumu hukwama: mashine yake inarudi kwenye flashi, usakinishaji unaanza mwanzo, naye anadhani flashi ni mbovu. Dalili ni hiyo hiyo, kuulizwa lugha na kibodi kwa mara ya pili. Dawa ni kuchomoa flashi wakati mashine inajiwasha upya.

Kama F12 inagoma lakini Windows ya Kijapani bado inawaka, kuna mlango mwingine wa bure. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri hii na ubonyeze Enter:

```
shutdown /r /o /t 0
```

Mashine itajiwasha na kukuletea skrini ya buluu yenye vibao vichache vikubwa vyenye picha. Kibao unachokitaka kimeandikwa デバイスの使用, maana yake tumia chombo, na ukikifungua utakutana tena na majina ya vyombo kwa herufi zetu. Kibao hicho hakionekani kwenye mashine iliyowekewa Windows kwa mtindo wa zamani wa BIOS, usio wa UEFI. Usipokiona, ujue sababu ni hiyo.

Ikibidi kuingia ndani kwa F2, kitu cha kwanza kutafuta ni lugha. Lugha za skrini hii hazipakuliwi. Mtengenezaji huziweka ndani ya chipu pamoja na programu yenyewe, basi ama zimo ama hazimo. Kwenye Panasonic Let's note ipo katika ukurasa wa taarifa, ikiwa imeandikwa 言語 na kando yake Language kwa herufi za Kilatini, na unaweza kuigeuza kuwa English. Kwenye mashine nyingine ipekue kwenye ukurasa wa kwanza au wa pili. Ukiipata, hifadhi kwa F10, ingia tena, na mambo yamekwisha bila senti.

Isipokuwepo, maneno ya kutambua si mengi. Ukurasa wa kuwaka ni 起動, na wa kutokea ni 終了. Washa na zima ndiyo yanayowachanganya watu, kwa sababu yanafanana: 有効 ni imewashwa, 無効 ni imezimwa. Alama ya pili ni ile ile, kwa hiyo tazama ya kwanza. Ile yenye nukta nne zilizopangana chini, 無, ndiyo ya kuzima. Mashine nyingine hutumia 使用する kwa kuwasha na 使用しない kwa kuzima. Hapo kumbuka kuwa refu ndilo la kuzima. Ukimaliza, usihangaike kutafuta sentensi ya kuhifadhi kwenye ukurasa wa kutokea, maana iko jirani na ile ya kutoka bila kuhifadhi. Bonyeza F10. Utaulizwa swali lenye majibu mawili: はい, yenye herufi mbili, ni ndiyo, いいえ, yenye herufi tatu, ni hapana. Ukipotea kabisa, tumia Esc, na kwenye swali litakalokuja usikubali kuhifadhi.

Kuna mambo mawili ya kuachana nayo humo ndani. F9, ambayo kwenye skrini nyingi hurudisha hali ya kiwandani, haitakuletea Kiingereza, kwa kuwa kiwandani mashine ilitoka na Kijapani. Kwa sababu hiyo hiyo kutoa betri ndogo ya bodi nako hakusaidii. Tena F9 inaweza kubadili namna bodi inavyoongea na diski, ukashangaa Windows iliyokuwa inawaka haiwaki tena. La pili ni セキュアブート, ulinzi wa wakati wa kuwaka. Mafundi wengi huuzima kwa mazoea, lakini Windows na Ubuntu zote zinawaka nao ukiwa umewashwa. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kuugusa kunaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao muuzaji wako hana. Kwa anayefuta kila kitu si neno. Kwa anayetaka mafaili yaliyomo, ni hasara kamili.

Programu za simu zinazotafsiri maandishi kwa kamera ni msaada mzuri wa bure, hasa ukipakua Kijapani mapema ili ifanye kazi bila mtandao. Zinasoma vizuri vichwa vya kurasa. Kwenye maneno mafupi kama はい na 無効, skrini iking'aa, hukosea. Nazitumia kujua niko wapi, siyo kuamua nibonyeze nini.

Tumrudie fundi. Bei yake ina mambo matatu ndani yake: flashi iliyokwisha tayarishwa, bando alilotumia, na kazi ya kuwasha na kusimamia. Kwa mtu ambaye hana kompyuta ya pili ya kutayarishia flashi, au ambaye GB 6 ni pesa nyingi kwake, kumlipa fundi ni uamuzi wa busara. Muulize tu anaweka toleo gani na limetoka wapi, kwa sababu flashi za mitaani zina Windows zilizochezewa. Kama flashi unayo tayari, unachomlipia ni kubonyeza F12, na hiyo usiilipie bei ya kazi nzima.

Njia ninayoipinga waziwazi ni ya kuandika upya chipu ya BIOS kwa toleo la mashine ya nchi nyingine ili upate Kiingereza. Ndiyo ghali kuliko zote, na umeme ukikatika katikati, au toleo lisipooana na bodi, unabaki na mashine isiyowaka. Kuirudisha kunahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja. Huwezi kuhatarisha bodi nzima kwa ajili ya skrini utakayoifungua mara moja kwa mwaka.

Basi msomaji, kama hujanunua bado, fanya jambo moja ukiwa dukani. Mwombe muuzaji aiwashe upya mbele yako, ubonyeze F2, kisha aiwashe tena ubonyeze F12. Ukikutana na neno パスワード na kisanduku kitupu, BIOS hiyo imefungwa kwa nenosiri la ofisi iliyokuwa na mashine. Asipoweza kulifungua hapo hapo, usilipe.