Mwenye Nyumba Akitaka Kuingia Ndani

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno matano tu: "Nitapita kesho saa 10 kukagua." Uliandikwa na msimamizi wa nyumba tuliyopanga Tabata, Dar es Salaam, familia tatu chini ya paa moja, ukatufikia kwenye simu usiku. Niliusoma kama Mswahili yeyote angeusoma: saa kumi, alasiri. Nikaomba ruhusa kazini, nikafika nyumbani saa tisa na nusu, nikaambiwa na jirani kwamba msimamizi alikuja asubuhi, akapiga hodi, akasubiri mlangoni, kisha akaondoka amenuna. Kumbe alikuwa ametazama saa ya simu yake, inayosoma 10:00, akaandika hivyo hivyo. Alikusudia saa nne asubuhi. Ukuta wa chumba cha watoto, uliokuwa ukilowa tangu masika, ulikaa wiki tatu zaidi bila kuangaliwa na mtu.

Tangu siku ile naichukulia taarifa ya ukaguzi kuwa sehemu ya ukaguzi wenyewe. Ikiandikwa vibaya, ukaguzi haufanyiki, au unafanyika bila kuona kilichotafutwa.

Tuanze na haki. Nyumba ni mali ya mwenye nyumba, lakini ukishaipanga, makazi ni yako. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya faragha yake na ya maskani yake, wala haisemi kwamba maskani hayo lazima yawe ya kujenga mwenyewe. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 nayo inaingiza katika mkataba wa upangaji ahadi kwamba mpangaji anayelipa kodi na kushika masharti atakaa kwa amani bila kusumbuliwa. Kwa upande wa pili, mwenye nyumba ana haja ya kweli ya kuona hali ya mali yake, na mpangaji anayemfungia mlango kila mara anamkosea. Taarifa ndiyo inayokutanisha haki hizi mbili. Uingereza, ambako sheria zetu za upangaji zilirithi mengi, sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi angalau saa 24 kabla ya kuingia kutazama hali ya nyumba, na aje katika saa za staha. Kwetu ni vizuri muda huo uandikwe kwenye mkataba. Mimi napendelea siku tatu, kwa sababu mpangaji anayefanya kazi ya zamu hawezi kupanga chochote kwa siku moja.

Baada ya vuta nikuvute ile, tulipata taarifa ya pili. Hiyo ilikuwa kwenye karatasi, kila mlango na nakala yake, na ilisomeka takriban hivi:

"Tarehe 11 Juni 2025. Kwa wapangaji wote. Nitafika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, pamoja na fundi bomba mmoja. Sababu: kutafuta chanzo cha unyevu kwenye ukuta unaotenganisha bafu na chumba cha nyuma. Tutaingia bafuni, jikoni na chumba hicho tu. Tafadhali sogezeni makabati mbali na ukuta. Asiyekuwa na nafasi anijulishe kabla ya Ijumaa jioni tupange siku nyingine."

Chini kulikuwa na jina, namba ya simu na saini.

Tazama saa zilivyoandikwa: kwa maneno, pamoja na "asubuhi" na "mchana". Kwa lugha yetu, ambayo saa ya kwanza ni ya kuchomoza jua, tarakimu tupu ni mtego, hasa sasa ambapo kila simu inaonyesha saa za Kizungu. Na hakusema saa nne kamili. Nyumba ina milango mitatu, kila mmoja unahitaji kama nusu saa, na foleni za Dar es Salaam hazitabiriki. Nafasi ya saa mbili inamtosha yeye na haimfungi mpangaji siku nzima. Taarifa inayosema "Jumamosi" peke yake inamwambia mama wa watu asiende sokoni, asiende msibani, akae akisikilizia mlango tangu alfajiri hadi magharibi.

Sababu ndiyo watu wengi huiacha, nami naiona kuwa ndiyo kiini. Kwa kuwa tuliambiwa ni unyevu, tulisogeza kabati la nguo usiku wa Ijumaa, na nyuma yake tukaona doa lenye umbo la yai, kimo cha kiuno, rangi imebanduka. Fundi alipofika hakuhitaji kubahatisha. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, alitueleza, huanzia sakafuni na kuacha chumvichumvi nyeupe chini ya ukuta mzima. Doa lililo juu, peke yake, mkabala na bomba, ni dalili ya bomba kuvuja. Akatuomba tufunge mabomba yote ya nyumba, akaenda nje kwenye mita ya maji. Kigurudumu kidogo kilikuwa bado kinazunguka, polepole. Maji yalikuwa yakienda mahali ambapo hakuna aliyefungua. Kwa nusu saa chanzo kilijulikana: kiungo cha bomba ndani ya ukuta wa bafu. Kabati lingebaki mahali pake, doa lisingeonekana, na pengine tungepakwa rangi mpya juu ya ukuta mbichi.

Sababu pia ni mpaka. Aliyekuja kwa ajili ya bomba hana shughuli na kabati lako la nguo, wala hapigi picha kitanda chako. Akihitaji picha ya doa, apige ya doa, na mpangaji awepo. Na sababu iwe ya kweli. Wapo wanaoandika "ukaguzi" kisha wanaingia na mnunuzi, au na mpangaji mpya anayeonyeshwa chumba ambacho mwenyewe bado yumo. Kama ni kuuza, iandikwe kuuza. Mpangaji anaweza kukubali hilo pia, ila alikubali akijua. Kutaja atakayekuja nako kunalinda nyumba: dada wa kazi aliyebaki na watoto akijua kwamba anakuja msimamizi na fundi mmoja, hatamfungulia mgeni anayejiita fundi siku nyingine.

Dharura ina utaratibu wake. Bomba likipasuka na maji yakatiririka hadi kwa jirani, au waya ukianza kutoa moshi, hakuna anayesubiri siku tatu. Mpangaji apigiwe simu hapo hapo na mlango ufunguliwe mbele ya shahidi, kwa mfano mjumbe au jirani. Lakini ukuta uliolowa tangu masika si dharura ya Jumapili usiku.

Ukipata taarifa, jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi: nimeipata, nitakuwepo, au siku hiyo sina nafasi, naomba Jumatatu jioni. Alama mbili za buluu kwenye simu zinaonyesha umesoma; hazionyeshi umekubali.

Na kabla hujasaini mkataba ujao, tafuta kifungu cha ukaguzi. Kikisema mwenye nyumba ataingia "wakati wowote", omba maneno hayo yakatwe, paandikwe: kwa taarifa ya maandishi ya siku tatu, yenye tarehe, saa na sababu, isipokuwa kwa dharura. Kisha wote wawili mweke saini pembeni ya mahali palipokatwa.