Je, Wajua? Mita 30 za barabara na viwanja vilivyo ndani yake

Je, wajua kwamba mita 30 za hifadhi ya barabara kuu na za mikoa Tanzania hazipimwi kutoka ukingo wa lami? Hupimwa kutoka mstari wa katikati ya barabara, 30 kila upande, jumla 60. Ndivyo ilivyoweka Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande, na ule ukanda wa mita 7.5 ulioongezeka ndio wenye maneno mengi: aliyekuwa humo kihalali kabla ya sheria kubadilika anastahili fidia, aliyejenga ndani ya 22.5 kwa kuvamia hastahili. Ukiona X ya kijani ukutani na X nyekundu nyumba ya jirani, tofauti ndiyo hiyo.

Je, wajua kwamba 30 si namba ya kila mahali? Sehemu ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, ilitengewa mita 121.5 kila upande. Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, soma tangazo la barabara yako yenyewe.

Kuchora ukanda ni kazi ya dakika moja. Kwenye QGIS unafungua mstari wa barabara, unachagua `Buffer`, unaandika 30, na programu inakupa umbo linalofuata kila kona. Kisha unaweka juu yake ramani ya viwanja na kuuliza vipi vimeguswa. Kazi halisi ni kujua kama jibu ni la kweli, maana programu haitakataa kukupa jibu baya.

Je, wajua kwamba ukiandika 30 kwenye ramani iliyo katika digrii, programu inaelewa digrii 30? Digrii moja ni kama kilomita 111, hivyo ukanda wako utafunika nusu ya bara la Afrika na kila kiwanja cha wilaya kitahesabiwa. Kosa hilo angalau linaonekana kwa macho. Kwa Dar es Salaam, hamishia kwanza data zote kwenye mfumo wa mita, `EPSG:32737`.

Lililo baya zaidi ni lile lisiloonekana haraka. Ramani nyingi za zamani za upimaji zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na koodineti zake zikisomwa kana kwamba ni za WGS 84, viwanja vinahama takriban mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Mtaa bado unaonekana mtaa, barabara bado inaupitia, ila ni viwanja vya watu wengine kabisa vinavyoingia kwenye orodha. Weka picha ya setilaiti chini yake: kama mipaka ya viwanja inapita katikati ya mapaa, usihesabu chochote bado.

Je, wajua kwamba eneo la ukanda linaweza kukufichulia makosa kabla hujahesabu? Tuchukue mfano wa barabara ya mita 1,200. Mara 60, unatarajia mita za mraba 72,000 hivi. Ukipata kama 74,800, umeacha ncha za duara: ukanda umechomoza mita 30 kupita mwisho wa barabara pande zote mbili, ukameza viwanja ambavyo kipande hiki hakivihusu. Badili `End cap style` iwe `Flat`. Ukipata 86,400, barabara yako huenda ina njia mbili na imechorwa kwa mistari miwili iliyoachana mita 12, kila mmoja ukazungushiwa 30 zake na kanda hizo mbili zikaunganishwa. Hapo umewachukulia watu mita 6 kila upande ambazo sheria haikuzitaja. Chora mstari mmoja wa kati, uanze upya.

Kiwanja kimoja, mara mbili. Mstari wa barabara mara nyingi huwa umekatwa vipande kwenye kila makutano. Kila kipande kina ukanda wake, na kiwanja kilicho kwenye maungio kinaguswa na kanda mbili. Usipoweka alama kwenye `Dissolve result` ili vipande viungane, orodha itakuwa na namba za viwanja zinazojirudia.

Je, wajua kwamba viwanja vilivyopimwa vizuri kabisa ndivyo vinavyovuruga hesabu? Mpima ardhi aliyefuata sheria aliweka bikoni za mbele palepale hifadhi inapoishia. Kwa kompyuta, mpaka unaogusana na ukanda umeukata. Na mchoro ukipishana kwa sentimita chache tu, kiwanja kizima kinaingia kwenye orodha ya waliovamia. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu anayeumia ni yule aliyefuata utaratibu. Dawa yake si kuuliza kama kiwanja kimegusa, bali kimeingia kwa eneo gani:

```sql
SELECT v.namba,
  ST_Area(ST_Intersection(v.geom, h.geom)) AS eneo
FROM viwanja v JOIN hifadhi h
  ON ST_Intersects(v.geom, h.geom)
ORDER BY eneo;
```

Turudi kwenye mfano wetu, wenye viwanja 86. Swali la kugusa tu linarudisha 41. Ukipanga kwa eneo, unaona 22 vya kwanza havifiki hata mita 2 za mraba, halafu namba inaruka hadi 60 na kuendelea. Kiwanja chenye upana wa mita 20 barabarani kikiingia mita 2 za mraba, kimeingia sentimita 10 tu. Huo ni unene wa kalamu ya mchoraji, si uvamizi. Vinabaki 19. Rudia zoezi kwa mita 22.5: vinaingia 7. Vilivyobaki, 12, viko kwenye ule ukanda wa mita 7.5 peke yake, na hivyo ndivyo vya kufuatilia tarehe za hati zake.

Kiwanja si nyumba. Mita 4 zikikatwa mbele ya kiwanja chenye urefu wa mita 40, huenda kinachoondoka ni ukuta, geti na kibanda cha duka, nyumba ikabaki salama kwa nyuma. Hesabu majengo kivyake.

Je, wajua kwamba mstari wa katikati uliochorwa juu ya picha ya setilaiti unaweza kukosea mita kadhaa? Mita 3 si kitu ukichora ramani ya mkoa, lakini hapa zinamhamisha mtu kutoka kijani kwenda nyekundu. Kwa hiyo usitoe hesabu moja. Fanya kwa 27, kisha 30, kisha 33. Halafu kwa 19.5, 22.5 na 25.5. Kiwanja ambacho jibu lake halibadiliki, kiandike. Kinachoingia na kutoka kadiri namba inavyosogezwa, kipe orodha yake ya pili, na orodha hiyo aende nayo mpima ardhi uwanjani, asimame katikati ya barabara na kifaa chake na kupima hadi kwenye bikoni, mwenye kiwanja akiwepo.