Shafakhana au Bimarestan?

Kidari cha Afghanistan na Kiajemi cha Iran ni lugha moja kwa sarufi na maandishi. Lakini mpe mama wa Kabul barua ya hospitali iliyotafsiriwa na Muirani, uone anapokwama. Muirani ameandika bimarestan, mahali pa wagonjwa. Mama huyu husema shafakhana, nyumba ya shifaa. Dawa hununua dawakhana, si darukhane. Maneno hayo hata masikio yetu yanayatambua.

Hapo bado atabahatisha maana. Hatari iko kwenye tarehe. Barua inasema arudi tarehe 15 Mordad. Nchi hizo mbili zimezoea kalenda ileile ya jua, ila Wairani huita miezi kwa majina ya kale ya Kiajemi, na Waafghani kwa majina ya Kiarabu ya nyota. Mordad ni Asad, mwezi wa Simba, na siku hiyo huangukia takriban 6 Agosti. Asiyejua Mordad hukosa miadi.

Waafghani waliokulia Iran huyaelewa yote mawili, kwa hiyo mtafsiri aulize kwanza barua inamwendea nani. Chuo kikuu ni kesi ngumu zaidi: pohantun limetoka Kipashto, daneshgah ni la Kiajemi, na Waafghani wenyewe wamegombana juu yake kisiasa.

Kwa barua ya hospitali, andika shafakhana na Asad, kisha weka tarehe ya Agosti kando yake.