Dira Yasema 01327, Ankara Yasema 01827

Katika mji wa Karatu, ulioko njiani kuelekea lango la Hifadhi ya Ngorongoro, mwenye nyumba ya wageni huhesabu maji kama nahodha wa jahazi anavyohesabu mapipa yake kabla ya kuvuka mkondo. Wageni hurudi jioni kutoka bondeni wakiwa wamejaa vumbi jekundu, na kila mmoja anataka kuoga. Maji yenyewe hutoka katika chemchemi zinazolishwa na misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro na katika visima virefu ambavyo maji yake hayapandi pasipo pampu. Hapana budi yawe na bei, na mtumiaji ayalipie. Jambo linalotuhusu katika safu hii leo ni maji yanayolipiwa ilhali hayakupita katika bomba.

Tuchukue mfano mmoja, nao utatosha. Mtu wa Pemba, kama walivyo ndugu zetu wengi waliosambaa Bara kwa biashara, ana nyumba ya wageni ya vyumba minane. Mgao humpatia maji mara mbili kwa juma, kiasi cha saa sita kila mara, naye huyapokea katika tangi la lita 5,000. Dira yake ni ya nusu inchi. Hesabu tunazozitoa ni za mfano, lakini kosa lenyewe ni la kawaida mno.

Tarehe 4 Machi dira ilisomwa 01281. Tarehe 3 Aprili msoma dira alipita tena, na siku chache baadaye ikaja ankara yenye usomaji wa 01827. Tofauti ya namba hizo mbili ni uniti 546, na kila uniti ni lita 1,000. Bei tuifanye shilingi 2,000 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi. Mfanyabiashara anadaiwa shilingi 1,092,000, na chini ya karatasi kuna onyo kwamba asipolipa katika muda uliowekwa huduma itasitishwa. Mwezi uliotangulia alitumia uniti 44.

Wengi katika hali hiyo huenda moja kwa moja ofisini kulalamika. Ni bora kwanza kwenda kwenye dira. Tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili, na ndizo zinazolipiwa. Nyekundu ni sehemu ya uniti, yaani lita. Mtu wetu alifuta vumbi juu ya kioo tarehe 9 Aprili akakuta nyeusi zikisoma 01336. Hapo jambo likawa wazi. Dira ya maji huenda mbele. Hairudi nyuma maji yasiporudi nyuma. Haiwezekani ilikuwa 01827 tarehe 3 na 01336 siku sita baadaye. Aliyesoma aliona 3 akaandika 8, kosa jepesi kwa kioo chenye ukungu na dira iliyofukiwa nusu katika udongo. Usomaji wa kweli wa tarehe 3 Aprili ulikuwa 01327, matumizi uniti 46, na deni shilingi 92,000. Zile uniti 500 zilizozidi ni shilingi milioni moja kamili.

Karani wa zamu, hata hivyo, ana jibu lake la siku zote: bomba lako linavuja. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwa sababu mara nyingine ni kweli, na uvujaji ulio upande wa mteja baada ya dira ni mzigo wa mteja. Kulipima ni rahisi. Wakati maji yapo, funga bomba zote pamoja na koki ya kuingizia tangini, kisha tazama kile kigurudumu kidogo juu ya uso wa dira kwa robo saa. Kikizunguka, maji yanapita mahali, na utafute mahali hapo kabla ya kuandika barua yoyote. Kikisimama kimya, hoja ya uvujaji imekwisha.

Yuko pia anayedhani dira yenyewe imeharibika. Naye ana kipimo chake: jaza ndoo ya lita 20 mara kumi, na tarakimu nyekundu ziwe zimesogea lita 200. Zikisogea zaidi kwa kiasi kikubwa, omba dira ipelekwe kupimwa, kwani Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kuhakiki dira za maji. Na mahali penye mgao kuna jambo jingine ambalo mafundi wanalijua ingawa hulitaja mara chache: maji yanaporudi huusukuma mbele yake upepo uliojaa bombani, nao huzungusha dira. Mtu anayesikia bomba likikoroma kabla ya maji kutoka ana sababu ya kushuku. Lakini upepo huongeza uniti chache. Hauongezi mia tano.

Hoja iliyo nzito kuliko zote mtu wetu aliipata kwa kalamu na karatasi. Kati ya tarehe 4 Machi na 3 Aprili mgao ulimfikia mara tisa, saa sita kila mara, jumla saa 54. Ili uniti 546 zipite katika saa hizo, dira ingepaswa kupitisha uniti kumi kila saa. Dira ya kawaida ya nusu inchi imeundwa kupitisha kiasi cha uniti mbili na nusu kwa saa. Tangi lake nalo hujaa kwa uniti tano. Kulijaza mara tisa ni uniti 45, na moja iliyobaki ilipita katika bomba la uani. Ankara ile ingemtaka ajaze tangi mara 109. Afisa yeyote anayejua kazi yake akiwekewa hesabu hiyo mezani hana la kuongeza.

Sasa iandikwe barua, na iwe fupi. Itaje namba ya akaunti na namba ya dira, maana mara nyingine ankara ya mtu huandikwa dira ya jirani. Kisha isome hivi: “Ankara yenu ya mwezi Aprili inaonyesha usomaji wa 01827 wa tarehe 3 Aprili. Tarehe 9 Aprili dira ilisoma 01336, kama picha iliyoambatishwa inavyoonyesha. Naomba usomaji wa 01827 ufutwe, uandikwe 01327, na nipewe ankara mpya ya uniti 46 badala ya 546. Naomba pia huduma isisitishwe wakati shauri hili linaposhughulikiwa. Niko tayari kulipa shilingi 92,000 ambazo sina ubishi nazo.” Nakala ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi nyumbani. Lalamiko la mdomo halina tarehe.

Kile kifungu cha mwisho cha barua kina maana kubwa. Asiyelipa kitu chochote hujiweka katika daraja la wadaiwa sugu, na fundi wa kukata maji hatumwi na barua ya malalamiko bali na orodha ya madeni. Anayelipa sehemu isiyobishaniwa huonyesha kwamba ubishi wake ni wa namba tu. Aombe namba mpya ya kumbukumbu ya malipo kwa kiasi hicho, kwani namba iliyotolewa kwa deni zima huenda isikubali pungufu.

Tunawaomba watendaji watusikilize hapa. Ofisini husemwa mara nyingi, “Usijali, itajirekebisha yenyewe mwezi ujao.” Kwa hesabu ya maji peke yake usemi huo una ukweli, maana dira itaendelea kutembea hadi ifike 01827. Lakini kwa matumizi ya uniti 45 kwa mwezi, safari hiyo itachukua miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo yote usomaji mpya utakuwa mdogo kuliko uliotangulia, mashine ya ankara itaukataa, na karani atajaza makadirio ili kazi isonge. Mteja aliyekwisha kulipa maji ya karibu mwaka mzima atatozwa tena makadirio juu yake. Bei ikibadilika katikati, hakuna atakayeweza kuinyoosha hesabu hiyo. Ndiyo sababu marekebisho yanayodaiwa ni kufuta usomaji wenyewe, wala si ahadi ya kufidia baadaye. Na ingekuwa kazi ndogo kwa ofisi kumrudisha msoma dira mlangoni kila matumizi yanapozidi mara mbili ya kawaida ya mteja, kabla ankara haijachapwa.

Barua iende kwa nani? Jambo hili huwapoteza hasa ndugu zetu wa visiwani. Kwao Unguja na Pemba maji hutolewa na Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, na msimamizi wake ni ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Huko hakuna wa kumsaidia mwenye nyumba ya wageni Karatu. Bara, mdhibiti wa mamlaka za maji ni EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, nayo ina ofisi ya kanda Arusha. Vijijini, vyombo vya watoa huduma vya jamii viko chini ya RUWASA kwa sheria ya mwaka 2019. Wenyeji wa Karatu wanakumbuka jinsi KAVIWASU, chombo kilichotokana na vijiji, na KARUWASA, mamlaka ya mji, vilivyowahi kuuza maji katika eneo moja. Kwa hiyo mteja asome kichwa cha ankara yake, asikisie.

Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. EWURA hulipokea pale mteja anapoonyesha kwamba alikwenda huko kwanza na hakuridhika, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi yake. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, humsaidia mtu asiyejua kuandaa shauri lake. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Mtu wetu hakuhitaji kufika huko. Msoma dira alirudishwa mlangoni tarehe 22 Aprili, mbele ya mwenye nyumba, akasoma 01355, wote wawili wakatia sahihi karatasi moja. Ankara mpya ilikuja na uniti 46. Mwenye nyumba ameng’oa majani kuzunguka dira, na kila tarehe mbili ya mwezi hufuta kioo chake kwa kitambaa.